Leso Isiwe Pacha wa Tai

Jinsi ya kupatanisha rangi na nakshi za shati, tai na leso ya mfukoni, ili suti moja ivalike kwa namna nyingi bila kukosea

Msimu wa harusi ukikaribia, maduka ya nguo za kiume, kuanzia Kariakoo hadi katikati ya Nairobi, hujaza vioo vyake viboksi vyenye tai na leso ya mfukoni vilivyokatwa kwenye jora moja. Rangi ni ile ile, mng'ao ni ule ule, na kama tai ina maua, leso nayo ina maua hayo hayo. Wanunuzi huvipenda kwa kuwa vinawaondolea kazi ya kuchagua. Ushauri wangu ni huu: ukinunua kiboksi hicho, vaa tai leo na leso uivae siku nyingine, na tai nyingine.

Shati, tai na leso vinakaa mahali padogo sana, kati ya kidevu na kifungo cha koti, na hapo ndipo anayezungumza nawe anapoelekeza macho. Leso ikiwa nakala ya tai, macho yanaruka kutoka moja kwenda nyingine, na mtu huondoka akiikumbuka ile seti badala ya uso wako. Vitu hivi vitatu vinatakiwa kupatana, navyo havihitaji kufanana ili vipatane. Shati hubeba, tai huongoza, leso humalizia. Ukishakigawia kila kimoja kazi yake, maswali mengi ya rangi na nakshi yanajijibu.

Chagua kwa mpangilio

Makosa mengi huanzia kwenye mpangilio. Mtu anaona leso nzuri, anainunua, kisha anahangaika kutafuta tai ya kuifuata na shati la kuifuata tai. Mpangilio ulionyooka ni kuanza na suti, kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo ghali, kisha shati, kisha tai, na leso iwe ya mwisho kabisa.

Shati liwe la rangi nyepesi kuliko suti, na tai iwe imekolea kuliko shati. Hii ndiyo kanuni ambayo anayeanza asiivunje. Tai nyepesi juu ya shati lililokolea, kwa mfano tai ya fedha juu ya shati jeusi, hulivuta jicho kwa nguvu mno, na kwenye shughuli rasmi humfanya mvaaji aonekane kama mtumbuizaji wa jukwaani.

Ipo njia rahisi ya kujipima. Vaa shati, tai na koti, jipige picha kwa simu, kisha igeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikishaondoka, unabaki na kukolea peke yake. Ukiona tai imejitenga wazi na shati, uko salama. Ukiona vyote viwili vimekuwa kijivu cha aina moja, basi hata kama rangi zenyewe ni tofauti, mtu aliye mbali ataona bapa moja lisilo na umbo. Hali hii huwapata sana wanaovaa shati la zambarau ya wastani na tai ya kijani ya wastani. Rangi ni mbili, lakini uzito wake ni mmoja. Tai na suti zikilingana kwa kukolea hakuna ubaya, kwa kuwa shati jepesi linapita katikati na kuzitenganisha.

Rangi hubadilishwa na jirani yake

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kilichokuwa kikifuma mapazia mazito ya ukutani. Alikuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazina nguvu. Chevreul alizilinganisha na nyeusi za viwanda vingine akakuta hazina kasoro. Tatizo lilikuwa kwenye ufumaji: nyeusi hiyo ilikuwa imewekwa kando ya bluu na zambarau, na rangi hizo ndizo zilizoifanya ionekane dhaifu. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo, jinsi rangi mbili zilizokaa pamoja zinavyobadilishana sura machoni petu.

Alichokiona Chevreul kiwandani kipo kifuani mwa kila aliyevaa suti. Mfano ulio wazi kuliko yote ni krimu na nyeupe. Shati la krimu likiwa peke yake ni zuri na lina joto. Weka kando yake leso nyeupe pee, na papo hapo shati linaonekana kama limefubaa kwa kufuliwa. Hakuna kilichobadilika kwenye kitambaa. Jirani ndiye aliyelisema. Kwa hiyo weupe wa aina mbili usiuweke kwenye vazi moja. Shati likiwa la krimu, leso iwe ya krimu au ya rangi nyingine kabisa.

Jambo la pili linahusu rangi zinazotazamana: nyekundu na kijani, bluu na machungwa, manjano na zambarau. Rangi hizi zikikaa pamoja kila moja huipandisha mwenzake, nyekundu inazidi kuwa nyekundu na kijani inazidi kuwa kijani. Zikiwa zote mbili kali na zimepewa nafasi sawa, zinagombana mpaka jicho linachoka. Lakini nguvu hiyo hiyo inaweza kukutumikia ukipunguza vitu viwili, ukali na ukubwa. Suti ya bluu iliyokolea na tai ya bluu hupata uhai pale leso nyeupe inapokuwa na ukingo mwembamba wa rangi ya kutu, ambayo ni machungwa iliyotulizwa. Ukingo huo ni upana wa uzi tu, na unatosha.

Basi rangi ziwe ngapi? Wapenda mavazi wa Brazzaville na Kinshasa, wale wanaojulikana kama wasapeu, ambao mwanamuziki Papa Wemba aliwapa umaarufu mkubwa, wana kanuni yao: vazi zima lisizidi rangi tatu. Watu hawa huvaa suti za pinki na za manjano zinazoonekana kutoka mwisho wa mtaa, na bado hujiwekea mpaka huo. Inafaa kuiazima kanuni hiyo, kwa nyongeza moja: rangi iliyokolea na nyepesi yake zihesabiwe kuwa rangi moja. Suti ya bluu iliyokolea na shati la bluu ya anga ni rangi moja yenye sauti mbili. Hapo umebakiwa na rangi mbili za kugawia tai na leso, na hizo ni nyingi.

Milia, miraba na vidoti

Kwenye nakshi, wengi husema changanya kitu kimoja chenye nakshi na viwili vitupu. Ni ushauri salama, na anayevaa suti mara mbili kwa mwaka anaweza kuishia hapo. Lakini shati la milia na tai ya vidoti vinaweza kukaa pamoja vizuri sana, mradi uangalie ukubwa wa nakshi.

Nakshi mbili za aina moja zinatakiwa ziachane kwa ukubwa. Shati lenye milia myembamba, iliyopangana kila baada ya milimita mbili au tatu, linapokea tai yenye milia mipana ya sentimita mbili bila shida, kwa sababu jicho linaelewa mara moja ipi ni ya nyuma na ipi ni ya mbele. Tai hiyo ikiwa na milia ya milimita tatu, hakuna ya mbele wala ya nyuma, na hapo kifua huanza kumeta na kuyumba machoni. Nakshi za aina tofauti, kama milia na vidoti, zinavumiliana zaidi, kwa kuwa maumbo yenyewe yanazitofautisha. Hata hivyo, nakshi ya tai ikiwa kubwa kidogo kuliko ya shati, mambo hutulia.

Kumbuka pia kwamba kila nakshi inaonekana kwa umbali wa aina mbili. Kwa umbali wa mkono, shati lenye milia myembamba ya bluu juu ya nyeupe ni shati la milia. Kwa mwendo wa hatua tano, milia imeyeyuka na shati limekuwa la bluu hafifu. Vidoti vidogo vyeupe juu ya tai ya bluu navyo hupotea, ikabaki bluu iliyopoa kidogo. Kwa hiyo pima mara mbili. Simama karibu na kioo uangalie kama nakshi zinapatana, kisha rudi nyuma mpaka zipotee, uangalie kama rangi zilizobaki zinapatana. Wanaojipima karibu tu ndio hushangaa picha ya pamoja inapotoka, kwani mpiga picha wa kundi husimama mbali.

Kamera nayo ina ugomvi wake na nakshi nyembamba. Picha ya kidijitali hukusanywa kwa vijitundu vilivyopangwa safu kwa safu. Milia ya shati ikiwa na wembamba unaokaribia ule wa safu hizo, mipangilio hiyo miwili hugongana na kuzaa mawimbi ambayo kwenye nguo hayamo. Ndiyo sababu anayekwenda kuhojiwa kwenye televisheni huambiwa aache nyumbani mashati ya milia myembamba na miraba midogo. Siku hizi kila harusi ina video, kwa hiyo ushauri huo unamhusu bwana harusi na msimamizi wake pia.

Leso: chukua rangi ndogo, acha kubwa

Tukija kwenye leso, kanuni ni kuipa rangi ambayo kwenye tai ni ndogo. Tuseme tai yako ni ya kijani iliyokolea yenye vidoti vya manjano na kimstari cha bluu. Leso ya kijani itarudia kilichokwisha kusemwa. Leso yenye bluu kidogo itaokota kile kimstari ambacho hakuna aliyekiona, na hapo tai na leso zitaonekana zinajuana bila kuwa pacha. Rangi hiyo inaweza pia kutoka kwenye shati. Leso nyeupe inapatana na karibu kila tai kwa sababu inaitikia shati jeupe.

Jambo la pili ni mng'ao. Tai nyingi ni za hariri au poliesta inayong'aa. Leso ya pamba au kitani, isiyong'aa, inaikalia vizuri kuliko hariri nyingine. Lakini kama tai ni ya sufu au ya kufumwa kwa uzi mzito, leso ya hariri huleta mwanga uliokuwa umekosekana. Kimoja king'ae, kingine kitulie.

Kitambaa ndicho kinachoamua pia mkunjo. Pamba na kitani hushika pasi, kwa hiyo hukunjwa bapa: leso inakunjwa mpaka ilingane na upana wa mfuko, ikaachwa ukanda wa sentimita moja ukichungulia sambamba na mdomo wa mfuko. Hariri haishiki mkunjo, inateleza na kuzama. Ishike katikati kwa vidole viwili, iache ianguke, kisha ikunje mkia na uitumbukize ili tumbo lake lijae kwenye mdomo wa mfuko. Hariri yenye nakshi kubwa, kama lile umbo la korosho tunalolijua kwenye kanga, hupendeza zaidi ikiwekwa hivi, maana kinachoonekana ni vipande vya rangi tu.

Leso ya kitenge imekuwa ya kawaida katika sherehe zetu, na ina sababu ya kupendwa. Ila kitenge kina nakshi kubwa na rangi zenye nguvu, kwa hiyo kinahitaji majirani wapole. Vaa shati lisilo na nakshi na tai isiyo na nakshi, na rangi ya tai uitoe kwenye moja ya rangi za kitenge zilizo chache. Tai ikiwa ndiyo ya kitenge, leso iwe nyeupe ya pamba, basi.

Tufanye hesabu ya vazi moja

Chukulia msimamizi wa bwana harusi ambaye kamati imempa rangi mbili, damu ya mzee na krimu. Ana suti moja ya bluu iliyokolea, isiyo na nakshi. Kabatini ana mashati matatu: jeupe, la bluu ya anga, na la milia myembamba ya bluu juu ya nyeupe.

Suti imeshajichagua. Kwenye shati, mkono wa wengi ungekwenda kwenye jeupe. Lakini kamati imetaka krimu, na krimu hiyo itatokea kwenye leso. Tumeshaona kinachotokea: kando ya shati jeupe, leso ya krimu itaonekana kuukuu. Shati la milia nalo lina nyeupe ndani yake, tena kutakuwa na video. Linabaki la bluu ya anga. Halina weupe wa kushindana na krimu, ni ndugu wa suti, na ni jepesi kiasi cha kubeba tai yoyote iliyokolea.

Tai iwe ya damu ya mzee. Shati halina nakshi na suti haina nakshi, kwa hiyo tai ina ruhusa ya kuwa nayo. Vidoti vya krimu vya milimita tatu hivi, vilivyoachana vya kutosha, vitaonekana kwa karibu na kupotea kwa mbali. Upana wa tai ulingane na ukosi wa koti. Kwa suti nyingi za kawaida ni kama sentimita nane, na ncha yake iguse bakoli ya mkanda.

Leso iwe ya krimu, ya pamba au kitani, yenye ukingo wa damu ya mzee. Akiikosa dukani, aende kwa fundi cherehani na kipande cha kitambaa cha krimu na uzi wa damu ya mzee. Kipande kikatwe mraba wa sentimita 36, ukingo uviringwe na kushonwa kwa mkono, leso itoke na sentimita 33 au 34. Ukingo wa overloki haufai, unakuwa mnene na unaonekana kama nguo ambayo haijamalizwa.

Sasa tuhesabu. Bluu ni moja, kwenye suti na shati. Damu ya mzee ni ya pili, krimu ya tatu. Nakshi ni moja, ya tai. Kinachong'aa ni kimoja, tai. Rangi ndogo ya tai, krimu, ndiyo kubwa ya leso, na kubwa ya tai imekuwa ukingo mwembamba wa leso. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, shati litakuwa jepesi, tai na suti zitakuwa nzito, na leso itang'ara peke yake juu ya koti. Kamati imepata rangi zake, na msimamizi hajavaa kiboksi.

Pima kwenye mwanga wa jua

Vazi lililopangwa vizuri linaweza kuharibikia dukani kwa sababu ya taa. Vitambaa viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti vinaweza kulingana kabisa chini ya taa ya duka, kisha vikaachana mara tu mnapotoka nje. Mkosaji mkubwa ni bluu iliyokolea, ambayo chini ya taa hafifu haitofautiani na nyeusi. Wapo walionunua koti jeusi wakidhani linaoana na suruali yao ya bluu. Kwa hiyo usinunue tai kwa kukumbuka rangi ya suti kichwani. Ibebe suti yenyewe, au muombe fundi akukatie kipande kidogo kwenye pindo la ndani, kisha toka navyo mlangoni mpaka kwenye jua kabla ya kulipa.

Zipo pia shughuli ambazo hazitaki ustadi huu wote. Kwenye msiba, shati jeupe na tai iliyokolea isiyo na nakshi vinatosha, na leso ikiwepo iwe nyeupe, iliyokunjwa bapa. Kwenye usaili wa kazi ni hivyo hivyo, ila tai inaweza kuwa na vidoti vidogo.

Anayeanza hahitaji kabati kubwa. Anunue mashati mawili yasiyo na nakshi, jeupe na la bluu ya anga. Anunue tai tatu: ya bluu iliyokolea isiyo na nakshi, ya damu ya mzee yenye vidoti, na ya kijivu iliyokolea yenye milia mipana ya bluu. Kisha leso mbili, moja nyeupe ya pamba na moja ya hariri yenye bluu na damu ya mzee ndani yake. Kwa suti moja ya bluu au ya kijivu, vitu hivyo saba vinatoa mavazi 12. Kitu cha nane akiongeze pale tu atakapoweza kutaja, kabla ya kulipa, ni shati lipi litakalokibeba.